Kanuni anazijua, mbona daftari limejaa wino mwekundu?

Barua ya msomaji

Mwalimu, salamu.

Nina binti wa miaka 11, yuko mwaka wa tatu wa Kifaransa. Kuzungumza anajitahidi na kusoma hana shida. Kuandika ndiko kunakoninyima usingizi. Kila insha inarudi imechorwachorwa, na kosa ni lile lile: upatanisho. Anasahau *s* ya wingi, anasahau *e* ya kike, vitenzi vya wingi anaviacha kama vya umoja, halafu pasipotakiwa ndipo anapoongeza. Nakunukulia aya ya wiki iliyopita kama alivyoiandika:

> Mes petites sœurs joue dans le jardin. Elles portent des robes bleu. Le chien des voisins aboient. Ma mère les regardes. Elles sont content.

Alitaka kusema: dada zangu wadogo wanacheza bustanini, wamevaa magauni ya buluu, mbwa wa majirani anabweka, mama yangu anawatazama, wamefurahi. Sentensi tano, makosa matano. Kinachonichanganya ni kwamba ukimuuliza kanuni, anakutajia bila kusita. Baba yake anasema huo ni uzembe tu, na amemwekea sharti: kila sentensi aliyoikosea anaiandika upya mara ishirini. Juzi alilia. Mimi nimefika mahali pa kujiuliza kama nimwachishe somo hili, nimtafutie mwalimu mwingine, au nivumilie. Mwakani ana mtihani. Naogopa pia kwamba pengine ana tatizo la kujifunza ambalo hatujalitambua. Nishauri.

*Mama Mwenye Wasiwasi*

Jibu la mwalimu

Mama mpendwa,

Nashukuru sana kwamba umeniandikia aya yenyewe. Mzazi akinipa alama pekee, siwezi kumwambia la maana. Wewe umenipa sentensi za mtoto, na humo naona mambo mengi ambayo kalamu nyekundu haikuyaonyesha. Ninachokiona, kwa sehemu kubwa, ni mtoto anayepita njia ile ile wanayoipita watoto waliozaliwa katika nyumba za Kifaransa. Sentensi ya mwisho ndiyo peke yake inayonifanya nisite kidogo, nami nitaifikia.

Tuanze na sauti, kwa sababu shida yote inaanzia hapo. *Joue* na *jouent* hutamkwa sawasawa. *Bleu, bleue, bleus, bleues* ni maandishi manne yenye sauti moja. Chukua sentensi ya kwanza ya binti yako. Mtu anayeisikia bila kuiona anajua kwamba hao dada ni zaidi ya mmoja kwa sababu moja tu, nayo ni *mes* badala ya *ma*. Baada ya hapo sikio halipati tena dalili yoyote ya wingi. Lakini mwandishi wa sentensi hiyo hiyo anadaiwa kuonyesha wingi mara nne: *mes, petites, sœurs, jouent*. Mara tatu kati ya hizo anaandika kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Sasa fikiria upatanisho wa Kiswahili aliokua nao. Vitabu vizuri vimeanguka. Kila neno linaonyesha wingi wake mwanzoni kabisa, waziwazi, na sikio likizoea, ulimi unafuata. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anaweza kupatanisha ngeli nyingi bila kufundishwa kanuni hata moja. Binti yako ameingia katika Kifaransa akiwa na sikio zuri, akategemea limsaidie kama lilivyomsaidia siku zote. Akizungumza linamsaidia. Akishika kalamu linamwacha, na hakuna anayemwambia kwamba limemwacha.

Umesema kanuni anazijua, na nakuamini. Ningependa tu tuliangalie kwa makini hilo neno "anazijua". Anapokutajia kanuni, akili yake ina kazi moja. Anapoandika aya, anatafuta la kusema, anatafuta neno la Kifaransa la kulisemea, anakumbuka kwamba *sœurs* ina ile *œ* ya ajabu, anapanga maneno, na mkono nao unataka kusonga mbele. Upatanisho unaomba nafasi katika akili hiyo hiyo iliyokwisha kujaa. Kwa mtu mzima aliyesoma Kifaransa miaka mingi kazi hiyo imekuwa mazoea, haimgharimu kitu. Kwa mtoto wa mwaka wa tatu bado ni kazi ya kukusudia, na kazi ya kukusudia ndiyo inayoangushwa kwanza mzigo ukizidi. Kutokea nje hali hiyo inafanana sana na uzembe, ndiyo maana simlaumu baba yake kwa kuiita hivyo.

Sasa tuzipitie sentensi zenyewe.

*Mes petites sœurs joue.* Kabla ya kutazama kitenzi, tazama alichopata: *petites* ina *e* na ina *s*, *sœurs* ina *s*. Ukiendelea chini utakuta *robes* na *voisins* pia ziko sahihi. Yaani nomino zote za wingi katika aya hii amezipatia. Watafiti waliochunguza watoto wa shule za msingi nchini Ufaransa waliona mpangilio huu: *s* ya nomino hutangulia kukaa sawa, kisha hufuata *nt* ya kitenzi, na *s* ya kivumishi huchelewa kuliko zote. Aya ya binti yako inafuata mpangilio huo karibu neno kwa neno. Na angalia jambo jingine: *joue* amekosa, lakini *Elles portent* amepata. Kanuni ni moja, kwa nini apate huku akose kule? Nadhani ni kwa sababu *elles portent* ndivyo alivyokariri katika jedwali la vitenzi, kiwakilishi kikiwa kimegusana na kitenzi. Hakuna jedwali linalosema *mes petites sœurs jouent*. Pale ilimbidi atambue mwenyewe kwamba maneno matatu yale yanasimama mahali pa *elles*, na hatua hiyo ndiyo ambayo bado haijawa mazoea.

*Des robes bleu.* Ni kivumishi, tena kimekuja baada ya nomino, tena hakibadiliki sauti, tena kinadai alama mbili kwa pamoja, *e* ya kike na *s* ya wingi. Katika aya nzima sioni neno gumu kuliko hili. Ningeshangaa kidogo kama angelipata.

*Le chien des voisins aboient.* Hili ndilo kosa ninalolipenda, nami nasema hivyo kwa moyo wote. Mtoto asiyejua lolote kuhusu wingi wa vitenzi angeandika *aboie*, akapata vema ya bahati. Binti yako ametafuta neno la wingi, akaliona *voisins* liko jirani kabisa na kitenzi, akapatanisha nalo. Kanuni ameitumia. Aliyemkosea ni mwenye kitenzi, kwa sababu anayebweka ni mbwa mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kifaransa, Michel Fayol na Pierre Largy miongoni mwao, waliwasomea wanafunzi wa chuo kikuu sentensi za muundo huu huu wazikumbuke na kuziandika. Walipowapa na kazi ya pili ya kukumbuka orodha ya maneno wakati huo huo, watu wazima hao, wenye Kifaransa chao cha kuzaliwa nacho, wakaanza kuandika kitenzi kwa wingi kama alivyofanya binti yako.

*Ma mère les regardes.* Hapa alama ya wingi imehamia mahali pasipo pake. Tangu mwaka wa kwanza ameona *les livres, les enfants, les maisons*. Mkono umejifunza kwamba baada ya *les* huja *s*. Safari hii *les* si ile inayotangulia nomino. Ni kiwakilishi, kinasimama badala ya hao dada wanaotazamwa, na neno linalokifuata ni kitenzi cha mama mmoja. Watoto wa Kifaransa nao hufanya hivi, huongeza *s* kwenye vitenzi, na baadaye kidogo huongeza *nt* kwenye nomino. Hapa Kiswahili kinaweza kumsaidia moja kwa moja. Mwambie aseme sentensi hiyo kwa Kiswahili: mama *anawatazama*. Ile *wa* iliyo katikati ni ya dada, lakini haijageuza *a* ya mwanzo, kwa sababu mwenye kutazama ni mama. *Les* ndiyo hiyo *wa*. Nimeona watoto wakielewa jambo hili papo hapo baada ya miezi ya kuchanganyikiwa.

*Elles sont content.* Hii ndiyo inayonifanya nisite. *Content* na *contente* hazifanani sauti: ya kiume inaishia puani, ya kike inaishia na *t* inayosikika wazi. Kwa hiyo utetezi wa sikio hauko hapa. Mwombe binti yako akusomee sentensi hiyo kwa sauti, bila kumwambia kwa nini. Akisema *contentes*, *t* ikasikika, basi Kifaransa chake kiko sawa na ni kalamu iliyoachwa nyuma. Asipoisema, ina maana jinsia ya kivumishi haijaingia bado hata katika mazungumzo, na hapo kuandika upya hakutasaidia. Atahitaji kusikia na kusema zaidi. Jaribio hilo moja linatenganisha makosa ya aina mbili ambayo wino mwekundu unayachora kwa rangi moja.

Kuna na aina ya tatu, haipo katika aya hii, lakini utakutana nayo. Mtoto akiandika *un robe bleu*, inaonekana ameshindwa kupatanisha. Kumbe amepatanisha vizuri kabisa, ila anaamini *robe* ni ya kiume. Dawa yake ni kujifunza kila nomino pamoja na *un* au *une* yake tangu siku ya kwanza. Ukimkumbusha upatanisho hapo unamsahihisha mahali ambapo hakukosea.

Kuhusu kama makosa haya ni ya kawaida, ngoja nikupe kipimo kilicho nje ya maneno yangu. Wizara ya elimu ya Ufaransa imekuwa ikiwapa wanafunzi wa darasa liitwalo CM2, watoto wa miaka 10 hadi 11, imla moja ile ile ya mistari kumi hivi, katika miaka ya 1987, 2007, 2015 na 2021. Mwaka 1987 wastani wa makosa ulikuwa kati ya 10 na 11. Mwaka 2021 ulizidi 19. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni makosa ya sarufi, yaani kupatanisha. Mwanzoni mwa imla hiyo wapo *papa* na *maman*, yaani baba na mama, walio *inquiets*, wenye wasiwasi, kwa kuwa watoto wao hawajarudi, na *s* ya neno hilo iliwaponyoka wengi. Hao ni watoto wa umri wa binti yako, waliosikia Kifaransa tangu tumboni na kufundishwa kuandika miaka kadhaa. Sisemi hivi ili tutulie tusifanye kitu. Nasema ili ujue kipimo cha haki cha kumpimia mtoto wa mwaka wa tatu.

Umetaja hofu ya tatizo la kujifunza. Aya moja hainipi haki ya kukuambia lipo au halipo, lakini naweza kukuambia mahali pa kutazama. Makosa ya upatanisho peke yake si dalili yake. Ningejali zaidi kama angekuwa anasoma kwa taabu, anaruka silabi, anachanganya herufi zenye sauti tofauti, na kama shida hizo zingeonekana pia anapoandika Kiswahili. Umesema kusoma hana shida. Chukua daftari lake la Kiswahili ulitazame kwa jicho hilo. Ukikuta shida zile zile humo, zungumza na mwalimu wa darasa ili apimwe na mtaalamu.

Sasa njia mlizo nazo. Kuandika upya mara ishirini kuna faida moja, kwamba baba anaonyesha analijali jambo hili. Lakini fikiria mkono wa mtoto unachofanya kuanzia mara ya tatu. Unanakili mstari wa juu yake. Kazi ambayo binti yako anaishindwa ni kutafuta mwenye kitenzi, na katika kunakili hakuna cha kutafuta. Kuna na hatari nyingine ambayo huonekana polepole. Mtoto anayeadhibiwa kwa kila alama iliyopungua hujifunza kuandika sentensi zisizo na hatari. *Mon chat dort. Il est noir.* Paka wangu amelala, ni mweusi, basi. Makosa yanaisha, na wingi nao unaisha, na Kifaransa kinasimama. Ukiona insha zake zinafupika huku alama zikipanda, usifurahi haraka.

Kuvumilia tu, ukingoja akue, nako kuna hatari yake. Alama hizi hazisikiki, kwa hiyo mazungumzo peke yake hayatamfundisha. Mtu anaweza kuzungumza Kifaransa kizuri miaka mingi na bado akaandika *elles joue*. Mtoto anahitaji mtu wa kumrudisha kwenye maandishi yake kwa utaratibu.

Mwalimu mwingine? Labda, ila kabla ya hapo muulize huyu wa sasa swali moja: anaposahihisha, je, anamwonyesha mtoto aina ya kosa, au anaandika jibu juu yake? Mwalimu anayeweza kukubali kutia alama kosa la aina moja tu kwa wiki kadhaa, tuseme vitenzi, huenda akakufaa kuliko mgeni utakayeanza naye upya. Na kumwachisha somo ni haki yenu kama wazazi. Ningependa tu uamuzi huo utokane na kama mtoto mwenyewe analipenda na kama lina nafasi katika masomo yake, maana aya hii peke yake haitoshi kuwa sababu.

Kama mtapenda kujaribu kitu nyumbani badala ya kunakili, mimi na wanafunzi wangu hufanya hivi. Aya ikiisha, inawekwa kando hadi kesho yake. Kesho mtoto anaisoma kwa ajili ya vitenzi tu, hatazami kingine. Anapigia kila kitenzi mstari, anauliza "nani?", anachora mshale kutoka kwenye kitenzi kurudi kwa mwenyewe. Kwenye *aboient* mshale utapita juu ya *voisins* utue kwa *chien*, na mara nyingi mtoto anajisahihisha kabla hujafungua mdomo. Akisita, abadilishe kitenzi kwa kingine kinachosikika: *le chien des voisins va*, au *vont*? *Ma mère les attend*, au *attendent*? Sikio lake linajua jibu. Siku nyingine asome tena kwa ajili ya vivumishi, abadilishe *bleu* kwa *vert*: *des robes vertes*, *t* inasikika, kwa hiyo ni ya kike. Wingi hautasikika hata hivyo, atautoa kwenye *robes* kwa kuchora mshale. Dakika kumi zinatosha, na asipewe aya nzima akiwa amechoka.

Hilo pia litamjibu baba yake kuliko maneno yangu. Makosa ambayo mtoto anayaona mwenyewe akipewa muda na mshale yalisababishwa na mzigo wa kuandika. Yale asiyoyaona hata baada ya mshale ndiyo ambayo bado hajajifunza, na hayo mwalimu wake anahitaji kuyajua kwa majina yao kabla ya mtihani wa mwakani. Mwombe baba akae karibu siku ya kwanza, atazame tu.

Ningeanza na ile ya *content*, kwa kuwa haihitaji hata kalamu. Asome, wewe sikiliza *t*. Kisha niandikie ulichosikia, na utume aya yake nyingine, ndefu kidogo, yenye watu wengi ndani yake.